Homa kwa Mgonjwa Anayetumia Dawa za Saratani

Wananchi wa Katoro na vijiji vya jirani wenye wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa tibakemikali wanaombwa kuyazingatia maelezo haya. Wagonjwa wengi wa Kanda ya Ziwa hupata matibabu hayo katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, kisha hurejea majumbani kusubiri duru ifuatayo, ambayo mara nyingi huwa baada ya wiki mbili au tatu. Hatari kubwa hutokea katika siku hizo za kusubiri, nayo ni homa.

Tibakemikali huua chembe zinazozaana kwa haraka. Saratani ni miongoni mwao, lakini pia uboho wa mifupa unaotengeneza chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kwa dawa nyingi, askari hao hupungua mno kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kutiwa dawa. Wakiwa wachache hivyo, kidonda hakitungi usaha na kifua huenda kisitoe makohozi, hata kama vijidudu vimekwisha kuenea. Homa huweza kuwa dalili pekee.

Mkoa wa Geita una malaria nyingi, na kwa hiyo mtu mwenye homa hukimbilia duka la dawa. Kwa mgonjwa huyu, desturi hiyo huweza kugharimu maisha. Na uchukuliwe mfano wa mama aliyetiwa dawa Jumatatu, tarehe 2. Jumatano, tarehe 11, saa tatu usiku, anatetemeka kwa baridi, na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 38.4. Jamaa wakimpa panadol na mseto, joto litashuka na nyumba nzima italala kwa matumaini. Lakini panadol hushusha joto tu, haiui bakteria. Alfajiri huenda akakutwa anahema kwa kasi, mikono ya baridi, maneno hayaeleweki na mkojo umepungua. Hapo sumu imekwisha kuingia katika damu.

Lililo sahihi ni kupima joto kabla ya kumpa dawa yoyote ya kushusha homa, kupiga simu wodini usiku huo huo, na kwenda mara moja katika hospitali watakayoelekeza. Ingawa Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na kuondoa adha ya kungojea kivuko, safari ya Mwanza bado ni ndefu kwa mgonjwa wa namna hii, na huenda akaelekezwa kuanzia Geita mjini. Akifika, aonyeshe kadi yake na kutamka wazi: "Ninatumia dawa za saratani, nilitiwa tarehe 2, nina homa." Inatakiwa apatiwe antibayotiki kwa mshipa ndani ya saa moja, bila kungoja majibu yote ya damu. Kipimo cha malaria kifanyike pia. Lakini hata kikionyesha malaria, antibayotiki zisiachwe, kwa kuwa maradhi yote mawili huweza kuwa pamoja.

Vijidudu vingi vinavyomdhuru mgonjwa hutoka mwilini mwake mwenyewe, hasa kinywani na matumboni, ambako dawa huchubua ngozi laini ya ndani. Kwa hiyo kinywa kitunzwe. Mgonjwa apige mswaki laini mara mbili kwa siku. Asukutue baada ya kila mlo na kabla ya kulala kwa maji ya lita moja yaliyochemshwa na kupoa, yakitiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea, kisha ateme. Aepuke dawa za kusukutua zenye spiriti. Utando mweupe au vidonda kinywani viarifiwe wodini.

Wanaomhudumia wanawe mikono kwa sabuni. Maji ya kunywa yachemshwe, na nyama na mayai yaive barabara. Mwenye mafua, kikohozi au tetekuwanga asimkaribie, ijapokuwa ni ndugu wa damu. Asitiwe dawa wala kipimajoto kwa njia ya haja kubwa.

Wodi ipigiwe simu saa yoyote, usiku au mchana, iwapo joto limefika nyuzi 38 au zaidi. Iwapo mgonjwa anatetemeka au amelegea ghafla, hata kama hana joto, maana wazee na wanaotumia prednisoloni huweza kuugua bila homa. Iwapo anahema kwa shida, anatokwa damu isiyokoma, anaharisha mfululizo, au hawezi kumeza maji.

Kila mgonjwa, kabla ya kuondoka hospitali, ahakikishe ameandikiwa kadini namba ya simu ya wodi, jina la dawa na tarehe aliyotiwa. Kipimajoto kiwekwe nyumbani, na nauli ya dharura itengwe mapema, kwa kuwa homa haichagui saa.