Muda juu ya MIC

Muda juu ya MIC ni kipimo kinachotumika katika famakolojia kueleza jinsi antibiotiki za kundi la beta-laktamu zinavyoua bakteria mwilini. Kundi hilo lina penisilini, amoksilini, seftriaksoni, meropenemu na nyingine nyingi. Kipimo hicho huonyesha ni sehemu gani ya muda kati ya dozi moja na nyingine ambayo ukolezi wa dawa katika damu unabaki juu ya kiwango kinachoweza kuzuia bakteria wasikue. Kwa kawaida huandikwa kama asilimia.

Kipimo hiki ndicho msingi wa desturi ya hospitali nyingi ya kumpa mgonjwa mahututi dozi ya beta-laktamu kwa dripu ya saa 3 au 4 badala ya nusu saa.

## Maana ya MIC

MIC ni ufupisho unaoonekana kwenye majibu ya maabara. Maana yake ni ukolezi mdogo kabisa wa dawa unaozuia bakteria fulani wasionekane kukua. Ili kuupata, bakteria waliotoka kwa mgonjwa huwekwa katika vijishimo vyenye dawa ya ukolezi unaoongezeka mara mbili kila hatua: 0.5, 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kwa miligramu kwa lita. Baada ya kukaa kwenye joto la mwili usiku mzima, kijishimo cha kwanza kilichobaki bila ukungu wa bakteria ndicho kinachotoa jibu. MIC ndogo ina maana kwamba bakteria huzuiwa kwa urahisi. MIC kubwa ina maana kwamba wanaelekea kuwa sugu.

## Kwa nini muda ni muhimu kuliko wingi

Beta-laktamu hujishika kwenye protini ambazo bakteria huzitumia kuunganisha nyuzi za ukuta wa seli yake. Protini hizo zikizibwa, bakteria anayeendelea kukua hushindwa kukamilisha ukuta na hatimaye hupasuka. Kazi hiyo huhitaji muda, kwa sababu dawa humdhuru bakteria wakati anapojenga.

Protini hizo zina idadi maalumu. Zikishazibwa karibu zote, dawa ya ziada haina pa kushika. Kwa hiyo kasi ya kuua hufikia kikomo ukolezi unapokuwa takriban mara 4 hadi 5 ya MIC, na kuupandisha hadi mara 50 huongeza kidogo sana. Hapo beta-laktamu hutofautiana na gentamisini, ambayo huua kwa kasi zaidi kadiri ukolezi unavyopanda na kwa hiyo hutolewa kwa dozi moja kubwa kwa siku.

Tofauti nyingine ni kile kinachotokea dawa inaposhuka chini ya MIC. Bakteria wengi wa jamii ya gramu hasi, kama klebsiela, huanza kuongezeka tena mara tu au muda mfupi baada ya beta-laktamu kupungua. Kila saa inayopita chini ya MIC ni nafasi kwao kurudisha idadi iliyopotea.

Jambo hili liligunduliwa mapema. Mnamo mwaka 1950 Harry Eagle na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba uwezo wa penisilini kuponya ulitegemea jumla ya muda ambao dawa ilibaki katika kiwango cha kuua bakteria. Miaka mingi baadaye William Craig wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikusanya matokeo ya majaribio ya panya na kukadiria muda unaohitajika ili kuua kwa nguvu: karibu asilimia 40 ya muda kati ya dozi kwa kundi la meropenemu, asilimia 50 kwa penisilini, na asilimia 60 hadi 70 kwa sefalosporini, ambalo ni kundi la seftriaksoni.

## Mfano wa hesabu

Meropenemu hutolewa na figo haraka. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusumaisha yake ni karibu saa 1, yaani kila saa ukolezi hupungua kwa nusu. Tuseme mgonjwa anapewa gramu 1 kila baada ya saa 8, dawa inasambaa katika lita 20 za maji ya mwili, na bakteria aliyepatikana ana MIC ya miligramu 8 kwa lita.

*Dripu ya nusu saa.* Dripu inapokwisha, ukolezi umefika takriban miligramu 42 kwa lita. Saa 1 baadaye ni 21, kisha 10.5, kisha 5. Ukijumlisha na dakika za mwanzo, ukolezi umekaa juu ya 8 kwa takriban saa 2.8 kati ya saa 8. Hiyo ni asilimia 35, chini ya lengo la asilimia 40. Kwa saa 5 zinazobaki bakteria hawazuiwi.

*Kuongeza dozi mara mbili.* Gramu 2 kwa nusu saa hufikisha ukolezi takriban 84. Lakini kutoka 84 hadi 42 ni nusumaisha moja tu. Kwa hiyo dozi iliyoongezwa mara mbili imenunua karibu saa 1 tu ya ziada: jumla saa 3.9, sawa na asilimia 48.

*Kurefusha dripu.* Gramu 1 ile ile ikipitishwa polepole kwa saa 3, kilele ni takriban 21 tu, nusu ya kile cha kwanza. Hata hivyo ukolezi huvuka 8 baada ya dakika 35 hivi, hubaki juu muda wote wa dripu, na huchukua takriban saa 1.4 kushuka baada ya dripu kwisha. Jumla ni saa 3.8, asilimia 48.

Matokeo ya njia ya pili na ya tatu yanalingana, ingawa njia ya tatu imetumia nusu ya dawa. Kilele kirefu cha dripu ya haraka kilikuwa kikipotea bure, kwani dawa iliyozidi ilielekea kwenye mkojo kabla ya kufanya kazi. Dripu ndefu hukata kilele hicho na kukitandaza.

Kwa mantiki hiyo hiyo, seftriaksoni haihitaji dripu ndefu kwa kawaida. Nusumaisha yake ni karibu saa 8, hivyo dozi moja hudumu mchana na usiku. Penisilini ya benzathini, inayochomwa msulini kutibu kaswende, ni njia nyingine ya kufikia lengo lile lile: dawa huyeyuka polepole kutoka kwenye msuli na kubaki katika damu kwa wiki kadhaa, kwa ukolezi mdogo unaotosha kwa bakteria dhaifu mbele ya penisilini.

## Dozi ya kwanza

Dripu ndefu ina udhaifu mwanzoni. Katika mfano hapo juu, mgonjwa alisubiri dakika 35 kabla ya dawa kuvuka MIC. Hali huwa mbaya zaidi kwa dripu inayoendelea saa 24. Gramu 3 zikigawanywa sawasawa kwa siku nzima, ukolezi hutulia kwenye miligramu 9 hivi, lakini huchukua zaidi ya saa 3 kufika 8. Kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu, saa hizo ni za hatari. Ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa haraka, ndani ya nusu saa au chini, kisha dozi zinazofuata ndizo hurefushwa. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi wa mwaka 2021 unapendekeza utaratibu huo kwa watu wazima.

## Mipaka ya njia hii

Dripu ndefu haishindi usugu wa hali ya juu. Kama MIC ingekuwa 32, dripu ya saa 3 yenye kilele cha 21 isingeivuka hata kwa dakika moja. Dripu ya nusu saa ingeivuka kwa muda mfupi usiotosha. Hapo jibu ni kubadilisha dawa.

Kwa upande mwingine, kama MIC ni 0.5, hata dripu ya nusu saa hukaa juu yake kwa zaidi ya saa 6. Kurefusha hakuongezi kitu cha maana. Faida kubwa zaidi hutarajiwa pale katikati: bakteria mwenye MIC ya juu kiasi, au mgonjwa ambaye figo zake huitoa dawa haraka kuliko kawaida, kama inavyotokea kwa baadhi ya vijana walioumia katika ajali. Mgonjwa ambaye figo zimedhoofika hubaki na dawa muda mrefu. Kwake hatari ni ukolezi kupita kiasi, ambao unaweza kuleta kuchanganyikiwa au degedege.

Kuna pia matatizo ya wodini. Mpira wa dripu unaweza kubaki na takriban mililita 20 za maji. Ikiwa dawa imechanganywa katika mililita 100 na mpira ukatupwa bila kusukumwa kwa maji ya chumvi, karibu sehemu moja ya tano ya dozi haimfikii mgonjwa. Meropenemu iliyochanganywa huharibika haraka zaidi kwenye joto, hivyo mfuko mmoja haufai kuning'inia saa 24 katika wodi yenye joto. Tena mshipa uliokaliwa na dripu kwa saa nyingi hauwezi kupitisha dawa nyingine isiyopatana nayo.

## Ushahidi kwa wagonjwa

Mwaka 2007 hospitali moja ya Marekani ilitoa taarifa kuhusu wagonjwa wenye maambukizi ya pseudomonasi waliopewa piperasilini na tazobaktamu. Miongoni mwa waliokuwa mahututi zaidi, waliofariki ndani ya siku 14 walikuwa asilimia 12.2 kwa dripu ya saa 4, na asilimia 31.6 kwa dripu ya nusu saa. Hata hivyo vikundi hivyo vilitibiwa katika vipindi tofauti na havikugawanywa kwa kura, kwa hiyo sababu nyingine zingeweza kuchangia.

Jaribio la BLING III, lililochapishwa mwaka 2024, liliwagawanya kwa kura wagonjwa mahututi zaidi ya 7,000 katika nchi 7. Waliopata dripu ya mfululizo walifariki kwa asilimia 24.9 ndani ya siku 90, na waliopata dripu fupi kwa asilimia 26.8. Tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kuondoa uwezekano wa bahati tu. Hata hivyo waliopona maambukizi walikuwa asilimia 55.7 dhidi ya 50.0. Majaribio 18 yalipounganishwa mwaka huo huo, vifo vilionekana kupungua kwa dripu ndefu.

Tofauti kuwa ndogo kuliko ile ya mwaka 2007 inaendana na hesabu yenyewe. Jaribio liliwapokea wagonjwa wa kila aina, bila kuchagua waliokuwa na bakteria wenye MIC ya juu. Wengi wenye bakteria wanaozuiwa kwa urahisi wangefikia lengo kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, na kwao kurefusha dripu hakungebadilisha matokeo.