Asilimia 80 ya Nini?

Karakana imepewa kazi ya kutengeneza madawati 120 kwa siku 20. Siku ya kumi, msimamizi wa mradi anafungua kompyuta na kukuta kazi imefikia asilimia 50. Fundi mkuu akipigiwa simu anasema asilimia 80, kwa kuwa mbao zote zimeshakatwa na kupigwa randa. Mkuu wa shule iliyoagiza anakwenda kujionea mwenyewe na kuhesabu madawati 30 yaliyokamilika, yaani asilimia 25.

Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amepima kitu chake, na safu ya asilimia haina mahali pa kueleza ni kitu gani.

Karakana hiyo ni ya kubuni, lakini hesabu ya kompyuta yake ni ya kweli. Katika Microsoft Project, programu inayotumika sana kupangia miradi, safu iitwayo `% Complete` huhesabu muda, si kazi. Huchukua siku zilizokwisha tumika na kuzigawa kwa siku zote za kazi hiyo. Ukiiambia kwamba siku 10 kati ya 20 zimepita, itaandika 50, hata kama mafundi walikaa wiki nzima wakingoja misumari. Na msimamizi akiona mambo yamechelewa, akaongeza siku 10, hesabu inakuwa 10 kwa 30, na kazi inashuka hadi asilimia 33. Mbao hazikurudi kuwa magogo usiku ule. Kilichobadilika ni kigawanyo tu.

Asilimia inayotajwa kwa mdomo ina kasoro nyingine. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu endeshi ya OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba uandishi wa programu huripotiwa kuwa umefika asilimia 90 kwa nusu nzima ya muda wake. Sababu si uvivu. Sehemu inayofahamika hufanywa kwanza na huonekana haraka. Matatizo yasiyojulikana hujificha mwishoni, na asiyeyajua hawezi kuyaingiza katika hesabu. Kwa fundi wetu, kukata mbao kulikuwa kwepesi. Kuunga fremu zisizoyumba ndiko kunakokula siku.

Dawa ya kwanza ni kuhesabu vitu badala ya kukisia sehemu. Ripoti ya karakana ingeweza kusomeka hivi: mbao zimekatwa kwa madawati 120, fremu 40 zimeungwa, na kati ya hizo 30 zimepigwa msasa na vanishi na kukaguliwa. Msomaji anaona papo hapo kwamba foleni imekwama kwenye kuunga, jambo ambalo asilimia yoyote ingelificha.

Wafadhili wakidai tarakimu moja, hatua zinaweza kupewa uzito, mradi uzito huo ukubaliwe kabla kazi haijaanza. Tuseme kila dawati lina alama 100: kukata 20, kuunga 50, kumalizia na kukaguliwa 30. Madawati 120 yaliyokatwa yanaleta alama 2,400, fremu 40 zinaleta 2,000, na 30 yaliyokamilika yanaleta 900. Jumla ni 5,300 kati ya 12,000, karibu asilimia 44. Tarakimu hiyo angalau inaweza kukaguliwa na mtu mwingine akapata jibu lile lile. Lakini uzito wenyewe ni makadirio, na ukipangwa vibaya utamlipa fundi kwa kurundika mbao zilizokatwa.

Kwa kazi isiyogawanyika katika vitu vinavyofanana, kama kuandika mkataba, wasimamizi wengi hutumia kanuni kali zaidi: sifuri mpaka iishe, kisha 100. Kanuni hiyo hufaa kazi fupi, inayoanza na kwisha kati ya ripoti moja na nyingine. Kazi ya miezi mitatu ikiripotiwa hivyo itakuwa kimya mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo lazima ikatwe vipande kwanza.

Kuna na swali ambalo huenda ndilo lenye manufaa kuliko yote: zimebaki siku ngapi? Huulizwa upya kila mara. Fundi akisema Jumatatu zimebaki siku 10, na Ijumaa bado akasema 10, siku nne zimekwenda na mwisho haujasogea hata kidogo. Msimamizi ana sababu ya kwenda karakana siku hiyo hiyo, kabla tarehe ya kukabidhi haijafika.

Asiyeweza kuiepuka Microsoft Project ana safu nyingine, `Physical % Complete`, ambayo haikokotolewi kutokana na siku. Mtu huiandika mwenyewe. Ndani yake msimamizi wa karakana angeweza kuweka 44, na kwenye sehemu ya maelezo akaandika idadi: 120, 40, 30.