Mwongozo wa Bure Unaoleta Wateja Wanaolipa

Tuseme unajazia watu ritani za KRA kwa shilingi 500, na makataa ni Juni 30. Mwezi wa Mei, andika mwongozo wa ukurasa mmoja: vitu vya kutayarisha kabla ya kujaza ritani. Anayeutaka akuachie barua pepe yake na akubali waziwazi kwamba utamwandikia tena. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini hiyo.

Mtumie mwongozo papo hapo. Baada ya siku mbili, mweleze kosa moja linalosumbua wengi: mtu ameajiriwa, ana fomu ya P9, lakini anajaza ritani ya sufuri. Barua ya tatu ndiyo ya kuuza. Taja bei, nambari ya kulipia na siku utakayomaliza kazi.

Mbona tusiseme ugawe bando za bure? Kwa sababu zitakuletea watu wa bando, si wa ritani. Utawajua tu: orodha inakua, lakini hakuna anayekuuliza swali. Mwongozo mzuri unamfikisha mtu nusu ya safari. Nusu iliyobaki ndiyo unauza.

Na akitaka kutoka kwa orodha, mtoe siku hiyo hiyo.