Kidole kikigoma kunyooka: usikimbilie kisu, lakini usilaze damu

Mwaka wa 1811, mfanyabiashara mmoja wa mvinyo jijini Paris aliinua pipa kwa mkono wa kushoto akahisi kitu kikimlia ndani ya kiganja. Maumivu yaliisha, akarudi kwa biashara yake kama kawaida. Lakini pole pole kidole cha pete kikaanza kujikunja, kisha kile cha mwisho. Kufikia 1831 vyote viwili vilikuwa vimelalia kiganja, na hata ukivivuta havikubali kufunguka.

Madaktari wengi wa enzi hiyo waliamini shida iko kwenye kano, zile kamba zinazokunja vidole. Guillaume Dupuytren, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Hôtel-Dieu, alikataa. Alikuwa amepasua mkono wa maiti ya mzee mwenye vidole vya aina hiyo, akakuta kano ziko fiti kabisa. Kilichokaza ni utando ulio kati ya ngozi na kano. Alipoukata, vidole vikaachilia. Basi akamchanja yule muuza mvinyo kiganjani, bila ganzi maana ilikuwa bado haijaanza kutumika, na vidole vikanyooka. Ndiyo sababu ugonjwa huu unaitwa Dupuytren hadi leo.

Huanza na kinundu kigumu kiganjani, mara nyingi chini ya kidole cha pete. Watu wengi hudhani ni sugu tu. Baadaye, pengine miaka mingi, kinageuka kamba unayoiona chini ya ngozi, nayo inavuta kidole. Wanaume waliopita miaka 50, hasa wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ndio hupatwa zaidi, na hurithiwa katika familia. Kwetu si wa kawaida, lakini upo, na kisukari huongeza uwezekano wake. Kwa hivyo ukimwona buda au guka na kidole hivyo, usiseme tu ni uzee.

Pia usichanganye na shida nyingine. Kidole kikikwama kisha kufunguka kwa mlio, hiyo ni kano inayonasa. Kikijikunja lakini unaweza kukinyoosha kwa mkono ule mwingine, huenda ni mshipa wa fahamu. Kidole cha Dupuytren hakinyooki hata kikivutwa.

Sasa tuje kwa matibabu. Kama ni kinundu tu na mkono unafanya kazi, daktari huangalia na kusubiri. Kukata mapema hakuna faida, kwa sababu vinundu vingine havifiki popote, na kovu lenyewe huleta shida zake. Kuvuta kidole kwa nguvu nyumbani pia hakusaidii.

Mambo hubadilika kiungo cha chini ya kidole kikijikunja kama nyuzi 30, au cha katikati kikianza kujikunja hata kidogo. Hapo kuna njia ya sindano: daktari anatia ganzi kidogo kwenye ngozi, anaidunga kamba mara kadhaa hadi inadhoofika, kisha ananyoosha kidole na kamba inakatika. Ganzi huwa kidogo makusudi, ili ukihisi kama umepigwa shoti useme mara moja, maana sindano imekaribia mshipa wa fahamu. Unaenda nyumbani siku hiyo hiyo.

Shida ni kwamba kamba inakatwa tu, haitolewi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2012 ulifuata wagonjwa kwa miaka mitano: kwa waliodungwa sindano, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 85, kwa waliopasuliwa na utando mbovu kuondolewa, asilimia 21. Lakini upasuaji nao una bei yake: wiki kadhaa za kidonda, mazoezi ya mkono, na hatari ya kujeruhi mshipa wa fahamu. Ndiyo maana mzee asiyetaka kukaa nje ya kazi anaweza kuchagua sindano akijua huenda akarudi, na mwingine akaamua kupasuliwa.

Ukichelewa sana, kiungo cha katikati chenyewe hukakamaa na ngozi hufupika. Hapo hata kamba ikiondolewa, kidole huenda kisinyooke kabisa. Wengine huhitaji kupandikizwa ngozi, na wachache huishia kukatwa kidole.

Kupima ni rahisi. Mwambie alaze kiganja juu ya meza. Kikilala bapa, endeleeni kuangalia kila baada ya miezi kadhaa. Kama penseli inapita kati ya kiganja na meza kwa sababu kidole hakishuki, ni wakati wa kumwona daktari wa upasuaji wa mkono au wa mifupa.