Bitcoin haina salio

Ukifungua pochi ya Bitcoin kwenye simu, juu ya skrini utaona kiasi kimoja, tuseme 0.8. Kiasi hicho hakikuandikwa popote katika daftari la Bitcoin. Humo mna mafungu ya pesa yaliyopokelewa na hayajatumiwa bado, kila moja na kiasi chake na kufuli lake. Pochi hutafuta yale ambayo ufunguo wako unayafungua, ikayajumlisha, ndipo ikakuonyesha jumla. Wataalamu huyaita mafungu hayo UTXO.

Fungu halimegwi, hutumika lote au halitumiki kabisa. Chukulia Asha ana fungu la 0.5 na la 0.3, na anataka kumlipa Juma 0.6. Hakuna linalotosha peke yake, kwa hiyo pochi inayatoa yote mawili:

```
yanaingia: 0.5 + 0.3
yanatoka:  0.6 (Juma) + 0.1999 (Asha)
```

Mafungu ya zamani yamekwisha, na mapya mawili yamezaliwa. Lile la 0.1999 ni chenji ya Asha, sawa na chenji ya mtu aliyelipa kwa noti kubwa. Imebaki 0.0001 isiyotajwa popote: hiyo ni ada, kwa kuwa kila kilichoingia kisitoke huchukuliwa na mchimbaji. Hapo pana hatari ya kweli. Anayeandika muamala kwa mkono akasahau sehemu ya chenji, sheria za mtandao hazitaukataa, na 0.2 yote itakwenda kwa mchimbaji bila njia ya kuidai. Pochi nyingi huiweka chenji zenyewe, lakini ni vyema kutazama ada kabla ya kubonyeza kutuma.

Ethereum, iliyoanza kazi mwaka 2015, ilishika njia nyingine. Daftari lake linaweka salio la kila akaunti. Asha akituma 0.6, salio lake linapunguzwa kiasi hicho pamoja na ada, la Juma linaongezwa, na hakuna chenji. Lakini agizo lile lina sahihi halali ya Asha. Juma anazuiwaje kuliwasilisha tena kesho, alipwe mara ya pili? Kwenye Bitcoin haiwezekani, kwa sababu fungu lenyewe halipo tena. Ethereum inahitaji kinga ya ziada, nayo ni namba iitwayo `nonce`. Kwa akaunti ya mtu huanzia 0 na kupanda kwa moja kila muamala unapoingia kwenye daftari. Agizo lenye 7 hupokewa mara moja tu, na kwa zamu yake.

Zamu hiyo ndiyo huwasumbua watumiaji. Muamala wa 7 ukikwama kwa ada ndogo, wa 8 na wa 9 husubiri nyuma yake hata kama ada zao ni nono. Ukiona miamala yako yote "inasubiri", tafuta wenye `nonce` ndogo kuliko yote, kisha utume mwingine wenye namba hiyohiyo na ada kubwa zaidi. Mmoja ukipita, mwenzake unabatilika, na foleni inaanza kusogea.