Kupunguza Maneno, Kubakisha Mizani

Mtunzi wa mashairi ya arudhi anapoambiwa "punguza maneno", huwa na jibu tayari: nikipunguza, mizani itapwaya. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Katika shairi la tarbia, mtindo uliozoeleka zaidi, kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16. Nane ni za kipande cha kwanza kinachoitwa ukwapi, na nane za kipande cha pili kinachoitwa utao. Ukiondoa neno "sana", umeondoa silabi mbili, na atakayeliimba shairi hilo atajikwaa papo hapo.

Ndiyo maana kukaza shairi la Kiswahili ni kazi tofauti na kukaza barua au habari ya gazeti. Mwandishi wa nathari akifuta neno, sentensi inakuwa fupi na kazi imekwisha. Mtunzi akifuta neno, anabaki na pengo lenye ukubwa unaojulikana, na pengo hilo lazima lizibwe. Shairi halifupiki ndani ya mshororo. Linafupika kwa idadi ya beti. Kilichosemwa katika beti tatu kinaingia katika mbili, na kila silabi iliyookolewa inapewa kitu cha kubeba.

Njia nzuri ya kuliona jambo hili ni kuufanyia kazi ubeti mmoja. Huu umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini yeyote aliyewahi kusoma kurasa za mashairi magazetini atautambua mtindo wake:

*Mzee yule hodari, mvuvi hodari sana,*
*Akaingia bahari, bahari kubwa na pana,*
*Nawaambia habari, ni za kweli waungwana,*
*Na nyavu zake ni nzuri, samaki hakumuona.*

Kwa sheria, ubeti huu hauna kosa. Mizani yake ni 64 kamili, kina cha kati ni *ri*, na cha mwisho ni *na*. Mwalimu anayesahihisha kwa kuhesabu vidole ataupa alama zote. Lakini ukimuuliza msomaji ameambiwa nini, atajibu kwa pumzi moja: mzee alikwenda kuvua, hakupata kitu. Mishororo minne kwa habari ya mshororo mmoja.

Sasa tuhesabu kwa namna nyingine. Mshororo wa tatu wote, mizani 16, hausemi lolote juu ya mzee, wavu wala bahari. Unamhakikishia msikilizaji kwamba anaambiwa kweli, jambo ambalo hakuliuliza. "Bahari kubwa na pana" ni mizani nane nyingine: bahari imeshatajwa, na hakuna msomaji aliyedhani ni ndogo. "Hodari sana" ni tano, kwa kuwa uhodari ulikwisha kutajwa kabla ya mkato. "Ni nzuri" ni tatu. Jumla yake ni mizani 32, nusu ya ubeti.

Mtu akichunguza maneno hayo yanakaa wapi, ataona kitu cha kumsaidia. Sana, pana, waungwana, nzuri: yote yako kwenye kina. Maneno ya kujazia hayatawanyiki ovyo katika shairi, bali hukusanyika pale mtunzi anapobanwa, yaani mwishoni mwa ukwapi na mwishoni mwa utao. Mtunzi amekwisha kusema analotaka kwa mizani tano au sita, amebakiwa na mbili tatu, na kina kinamdai. Hapo ndipo *hakika*, *yakini*, *jamani*, *kabisa* na *daima* zinapoingia. Kwa hiyo mwenye kuhariri shairi lake aanzie kwenye vina na asome kurudi nyuma. Akifunika neno la kina kwa kidole na maana ikabaki ileile, neno hilo liliitwa kwa ajili ya sauti tu.

Ubaya ni kwamba neno hilo haling'oleki peke yake. Ukiondoa "sana" unahitaji neno jingine linaloishia na *na*, la sivyo ubadilishe kina cha mishororo yote minne. Watunzi wengi hukata tamaa hapa na kuliacha lilivyo. Wanaoendelea hufanya jambo moja kabla ya kutafuta neno badala: wanarudi kwenye tukio lenyewe na kuuliza maswali. Mzee alitoka saa ngapi? Wavu ulipovutwa ulikuwa na nini, kama si samaki? Nani alikuwa akimsubiri ufukweni? Majibu huja na nomino na vitenzi, na kati ya hivyo hupatikana vinavyoishia na kina kinachotakiwa.

Anza na uhodari. Neno "hodari" ni hukumu ya mtunzi, na msomaji hana cha kuipimia. Lakini mvuvi aliyeondoka kabla ya mapambazuko ameonyesha bidii yake mwenyewe. Mshororo wa kwanza unaweza kuwa hivi: *Mzee kenda bahari, na nyota zaonekana.* Safari iliyokuwa imechukua mishororo miwili sasa iko katika ukwapi mmoja, na utao umetoa saa ya safari bila kutaja saa. "Akaenda" imefupishwa kuwa "kenda", inkisari ya kawaida kwa washairi. "Zinaonekana" imekuwa "zaonekana", na kwa badiliko hilo dogo imeokolewa mizani moja. Wakati wa *-a-* ni hazina kubwa kwa anayekaza shairi: *lagusa* badala ya *linagusa*, *wanong'ona* badala ya *wananong'ona*. Ni Kiswahili fasaha, na hakuna anayelazimika kukisia maana.

Mshororo wa pili unahitaji wavu, muda kupita, na kukosa samaki. Rasimu ya kwanza inaweza kuwa: *Wavu wake alasiri, una mwani na vishina.* Hapa samaki hawatajwi kabisa. Msomaji anaona mwani na vipande vya miti, anaelewa mwenyewe kilichokosekana, na maneno "samaki hakumuona" hayahitajiki tena. Mizani nane nyingine zimeokolewa.

Lakini usitupe kivumishi kabla ya kukihoji. "Nyavu zake ni nzuri" ilikuwa imelegea, ila ilikuwa na kusudi: mtunzi alitaka ijulikane kwamba tatizo halikuwa la wavu. Kusudi hilo lina thamani, kwa sababu linabadilisha huzuni ya mzee. Basi libaki, lakini kwa neno lenye habari. "Wake" ina mizani mbili, na "mpya" nayo ina mbili, kwa kuwa *m* husimama kama silabi. Mshororo unakuwa: *Wavu mpya alasiri, una mwani na vishina.* Mtu aliyenunua wavu mpya ametoa pesa, labda amekopa. Kivumishi kimoja kimeleta historia nzima, ilhali "kubwa", "pana" na "nzuri" kwa pamoja hazikuleta chochote. Kivumishi kinachobaki ni kile ambacho msomaji asingekibuni mwenyewe baada ya kuisikia nomino.

Habari yote ya ubeti wa kwanza imekwisha, na imebaki mishororo miwili mitupu. Pale ambapo zamani angehitaji ubeti wa pili, mtunzi anaweza sasa kusonga mbele na kurudi nchi kavu:

*Mzee kenda bahari, na nyota zaonekana,*
*Wavu mpya alasiri, una mwani na vishina,*
*Dau lagusa bandari, wachuuzi wanong'ona,*
*Jikoni moto tayari, na chungu kitu hakina.*

Mizani ni zilezile 64, vina ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna watu ufukweni, kuna nyumba, na kuna anayengoja. Katika utao wa mwisho mpangilio wa maneno umegeuzwa: badala ya "hakina kitu" imekuwa "kitu hakina", ili kina kipatikane. Ushairi unaruhusu mgeuzo wa namna hiyo, na sikio la Mswahili limeuzoea.

Hata hivyo, kutimiza hesabu siyo mwisho wa mahadhi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo jinsi mizani nane zinavyogawanywa katika maneno hubadilisha mwendo wa sauti. "Jikoni moto tayari" inakwenda kwa tatu, mbili, tatu. "Wavu mpya alasiri" inakwenda kwa mbili, mbili, nne. Zote ni nane, lakini haziimbiki sawa. Mtunzi aliyebadilisha maneno asiridhike na vidole. Aimbe ubeti wote kwa sauti, kwa mahadhi anayoyajua. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* kilitoka mwaka 1954 na kikawa mwongozo wa watunzi wengi, aliuhusisha ushairi na kuimbika. Palipoharibika, ulimi utapagundua kabla ya jicho.

Kuna pia hatari ya kukaza mno. Anayependa inkisari kupita kiasi huishia na vipande vya maneno visivyotamkika, na msomaji huanza kufumbua fumbo badala ya kusoma. Vineno vidogo navyo vina kazi. "Na" katika "na nyota zaonekana" ina maana ya "huku". Ikitolewa, mizani itapungua na uhusiano wa safari na nyota utalegea. Vilevile, si kila neno linalorudiwa ni la kujazia. Takriri ya kweli huja na uzito mpya kila mara, kama mtu anayeita jina la aliyepotea. "Bahari, bahari" katika ubeti wa mwanzo haikuwa hivyo. Ilirudiwa kwa kuwa utao ulikuwa mtupu. Njia ya kupima ni kumsomea ubeti mpya mtu ambaye hakuusikia ule wa zamani, kisha kumwuliza mzee alipata nini. Akishindwa kujibu, kilichokatwa kilikuwa nyama.

Suala hili liliwahi kuwagawa washairi wenyewe. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, aliachana na vina na mizani. Moja ya hoja za waliotetea njia hiyo ilikuwa kwamba mtunzi hulazimika kuingiza maneno yasiyo na kazi ili kutimiza sheria. Malalamiko hayo yana haki mbele ya ubeti wetu wa kwanza. Mbele ya ule wa pili hayana, na sheria zilizofuatwa ni zilezile.

Katika shairi zima, mahali pa kwanza pa kutazamwa ni beti za pembeni. Mashairi mengi ya magazetini hutumia ubeti wa kwanza kumsalimu mhariri na kuomba nafasi, na wa mwisho kuaga na kutangaza kaditama. Ni desturi yenye adabu, ila ikishachukua beti mbili kati ya sita, theluthi ya shairi imekwenda kwa salamu. Baada ya hapo kitazamwe kibwagizo, ule mshororo unaorudi mwishoni mwa kila ubeti. Neno la kujazia lililo ndani ya ubeti wa kawaida husikika mara moja tu, lakini likiwa kwenye kibwagizo cha shairi la beti kumi husikika mara kumi. Tuseme "na chungu kitu hakina" ndicho kibwagizo: kila ubeti utakaotangulia, wa soko, wa deni la wavu au wa mtoto aliyerudishwa shuleni, utalazimika kuishia kwenye chungu hicho, na mtunzi ataona mapema ni ubeti gani haufiki huko.