Kutenganisha Kiini na Weupe wa Yai

Usiku wa kuamkia walima wa ndugu yetu mmoja, mapishi ya keki yalikabidhiwa nyumba yetu. Keki yenyewe ilikuwa ya sifongo, ile isiyotiwa hamira ya unga, ambayo huumuka kwa hewa iliyomo ndani ya weupe wa mayai uliopigwa peke yake mpaka ukawa povu. Tulianza kuvunja mayai 10 juu ya bakuli moja kubwa, kiini huku na weupe kule. La kwanza hadi la 8 yalitoka salama. La 9 kiini chake kilipasuka na kumwagika katika weupe wa mayai yote 8 yaliyotangulia. Tulipiga weupe ule mpaka mikono ikachoka, na mwisho tukapata maji ya manjano yenye vipovu juu. Maduka ya mtaani yalikwisha kufungwa.

Kosa lile halikuwa kupasuka kwa kiini, kwani kiini hupasuka hata mikononi mwa wapishi wazoefu. Kosa letu lilikuwa kuvunjia kila yai juu ya yale yaliyokwisha kutengwa. Tangu siku hiyo tunatumia vyombo vitatu, na utaratibu huo ndio tunaokusudia kuwaeleza wasomaji wetu.

Kwanza ifahamike kwa nini tone la kiini lina madhara. Povu la weupe wa yai ni vipovu vya hewa vilivyozungukwa na utando mwembamba wa protini. Kiini kina mafuta mengi, takriban theluthi moja ya uzito wake, na mafuta hayo hushindana na protini kwenye kuta za vipovu, nazo zikadhoofika na kupasuka. Alama ndogo ya kiini huchelewesha povu na kulipunguza. Kiini kingi hulizuia lisisimame kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo, bakuli lililobaki na mafuta huharibu kazi hata kama mayai yametengwa vizuri. Bakuli la plastiki hushika mafuta hata baada ya kuoshwa, basi ni bora kutumia la kioo au la stili, lililooshwa kwa sabuni, likasuuzwa vema na kukaushwa.

Pili ni hali ya yai. Yai la baridi hutenganishwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kiini huwa kimekaza na ute ni mzito. Yai la siku nyingi huwa na ute wa majimaji, na ngozi nyembamba inayofunika kiini huwa imelegea, hivyo hupasuka kwa kuguswa kidogo. Kulijua si taabu: liweke katika maji ya kawaida. Likilala chini ni jipya, likisimama wima limekaa siku nyingi, likielea liache. Kwa kazi hii tafuta yanayolala, na uyatoe katika friji wakati wa kuyavunja, si kabla.

Sasa vyombo. Bakuli dogo la kwanza ni la kuvunjia, nalo halipokei zaidi ya weupe wa yai moja kwa wakati. La pili ni la viini. La tatu, kubwa na safi kuliko yote, ni la weupe uliokwisha kukaguliwa. Weupe wa kila yai huanguka katika bakuli la kwanza, ukatazamwa kwenye mwanga, na ukiwa hauna doa ndipo humiminwa katika la tatu.

Yai ligongwe mara moja kwa uthabiti juu ya meza, si kwenye ukingo wa bakuli. Ukingo husukuma vipande vya ganda ndani, na kipande chenye ncha hutoboa kiini kabla hujaanza kazi.

Njia tunayoipendelea ni ya mkono. Osha mikono kwa sabuni na uisuuze mpaka utelezi uishe. Kunja kiganja kama unayetaka kuchota maji, uachanishe vidole kidogo tu, kisha mimina yai lote juu yake. Ute utashuka wenyewe baina ya vidole, na kiini kitabaki. Usikibane, kihamishe polepole kwenye kiganja cha pili, mara moja au mbili, mpaka ute mzito ulioning'inia udondoke. Utaona uzi mweupe uliojisokota ukishikamana na kiini. Huo ni sehemu ya yai na hauna ubaya, walakini ukivutwa kwa nguvu huweza kuchana kiini. Ukate kwa kuubana baina ya vidole viwili, mbali kidogo na kiini.

Njia ya ganda ni ya wale wasiopenda kushika ute. Yai lipasuliwe katikati, lisimamishwe wima juu ya bakuli la kwanza, nusu ya juu iondolewe na kiini kibaki katika nusu ya chini. Kisha kiini kihamishwe baina ya nusu hizo mara mbili au tatu huku ute ukishuka. Hatari yake ni mbili. Ukingo wa ganda ni mkali, na kila uhamisho ni nafasi mpya ya kukata kiini. Tena nje ya ganda huweza kuwa na vijidudu vinavyoumiza tumbo, na ute hupita juu yake. Kwa hiyo chakula kitakacholiwa bila kuivishwa kisitayarishwe kwa njia hii. Na kwa njia yoyote, mikono ioshwe baada ya kazi.

Ama kiini kikipasuka, simama kwanza na utazame kiasi kilichoingia. Ikiwa ni tone moja, chukua nusu ya ganda na uchote nalo. Ukingo wake hukata ute na kulitoa tone, ilhali kidole hulisukuma likazidi kutawanyika. Chota pamoja na ute kidogo unaolizunguka, wala usikoroge. Ikiwa kiini kimeenea kama wingu la manjano, usijaribu kukiokoa. Mimina yai hilo katika chombo cha nne, ufunike na kuliweka kwenye friji, kisha lipikwe kesho yake kama kimanda, au litumike kupaka juu ya maandazi ya kuoka. Osha bakuli la kwanza na mikono, ndipo uvunje yai jingine.

Tuchukue mfano wa keki ya mayai 6. Matatu yametengwa salama, na la 4 likapasuka. Kwa vyombo vitatu, hasara ni yai moja, na hata hilo litaliwa. Kwa bakuli moja, weupe wa manne yote haufai tena kwa povu. Kwa hiyo weka yai moja la akiba kabla ya kuanza.

Mwisho, weupe uliotengwa ufunikwe, uachwe nje ya friji kama nusu saa, kwa kuwa baridi iliyosaidia kutenganisha huchelewesha povu. Tia matone machache ya limau ili povu lisimame imara, kisha piga. Ukiinua mchapo na povu likasimama kama ncha ndogo inayoinama kidogo, limekuwa tayari kuanza kupokea sukari, kidogo kidogo.

Mayai 10 ya usiku ule hayakutupwa. Asubuhi yalipikwa vimanda, wakala waliokuja kutandika majamvi, na keki ikaokwa kwa mayai mapya, yakivunjwa moja moja.